Maji Yachemke kwa Shilingi Ngapi?

Kwenye kibanda kimoja cha majiko pale soko la Kongowea, kijana muuzaji ana birika dogo juu ya jiko jipya linalong'aa. Mteja akisimama tu, birika linamwagwa, linatiwa maji mengine kiasi cha vikombe vitatu, na simu inawekwa mezani ihesabu dakika. "Mamangu, tazama kwa macho yako," anamwambia mama mmoja mwenye leso begani. "Dakika tano hazifiki." Na kweli hazifiki. Mama anatazama jiko, anatazama bei, kisha anauliza, "Na makaa umetia kiasi gani, mwanangu?" Kijana anacheka. "Ya kutosha, mama."

Swali la yule mama lina thamani zaidi kuliko dakika zote za simu ile. Dakika hulipii. Unachokilipia kila siku ni makaa, na jiko linaloharakisha maji kwa kuteketeza makaa mengi ni jiko la gharama, hata kama linapendeza kutazama.

Lile onyesho la birika linaficha mambo matatu. La kwanza, jiko limekuwa likiwaka tangu asubuhi. Jiko lenye udongo ndani hunywa moto mwingi linapowashwa likiwa baridi, kwa sababu udongo wenyewe lazima upate joto kwanza. Likishashika moto, maji ya pili huchemka upesi zaidi kuliko ya kwanza. Wewe nyumbani huwasha jiko baridi alfajiri. La pili, vikombe vitatu si sufuria ya mbaazi ya watu sita. La tatu, hakuna aliyepima makaa yaliyoingia wala yaliyobaki.

Watu wanaopima majiko kwa kazi wana mtihani wao unaoziba mianya hiyo. Ulianza kutumika miaka ya 1980 na umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Una awamu tatu: kuchemsha maji kwa jiko baridi, kuchemsha tena papo hapo jiko likiwa moto, halafu kuyaacha maji yatokote polepole kwa dakika 45. Makaa hupimwa kabla na baada ya kila awamu. Unaweza kuufanya uani kwako kwa mizani ya jikoni, saa ya simu na kopo la bati lenye mfuniko unaobana.

Pima makaa unayotia, tuseme gramu 400, uandike. Tia maji lita mbili na nusu kwenye sufuria ile ile utakayotumia kwa kila jiko. Washa, teleka, anza kuhesabu. Maji yakichemka kwa povu kubwa lisilokoma, andika dakika, epua, kisha yamimine makaa yote yenye moto ndani ya kopo na uyafunike yazimike kwa kukosa hewa. Usiyamwagie maji: makaa yaliyolowa yana uzito wa uongo, na jiko la udongo likipigwa na maji likiwa la moto hupasuka. Kopo likipoa, kung'uta majivu upime yaliyobaki. Ulichotia ukitoa kilichobaki, hapo ndipo unajua birika la chai linakugharimu nini. Jirani akiwa na jiko la aina nyingine, azimaneni kwa asubuhi moja.

Kabla hujapima chochote, hesabu tupu inaonyesha utegemee nini. Maji ya bomba huku pwani huwa karibu nyuzi 28, na kwa kuwa tuko usawa wa bahari yanachemka kwa nyuzi 100 kamili. Ni kupanda nyuzi 72. Lita mbili na nusu zinahitaji joto la kilojuli 750 hivi ziingie ndani ya maji. Kilo moja ya makaa makavu ina kilojuli 29,000 hivi. Jiko lote linahukumiwa kwa jambo moja: katika joto la makaa, ni sehemu gani inafika kwenye sufuria, na ni sehemu gani inapotelea ubavuni, chini, na kwa upepo.

Jiko la bati tupu, lile la mabati chakavu lisilo na udongo, hupeleka kwenye sufuria sehemu moja katika tano hivi. Kwa lita zetu mbili na nusu litakula gramu 130 za makaa. Jiko lenye chungu cha udongo ndani, likiwa limetengenezwa vizuri, hupeleka karibu theluthi moja, tuseme asilimia 30. Litakula gramu 87. Jiko la kiwandani lenye kuta mbili na kizuizi cha joto katikati, lile la bei ya juu, likifika asilimia 45 litakula gramu 58. Kiwango cha kimataifa cha majiko kilichotolewa mwaka 2018 kinapanga madaraja kwa hatua za asilimia kumi: asilimia 20 ni daraja la pili, 30 la tatu, 40 la nne, 50 la tano. Muuzaji akikwambia jiko lake linaokoa makaa, mwulize daraja au asilimia. Akikujibu kwa dakika tu, hajakujibu.

Sasa tuingie kwenye fedha. Bei za makaa hutofautiana: Likoni yanashuka kutoka upande wa Kwale, Kisauni yanatoka upande wa Kilifi, Changamwe yanapita barabara kuu, na mvua ikinyesha bei zote hupanda. Kwa hivyo nitatumia bei ya mfano iliyo rahisi kwa hesabu, kilo moja kwa shilingi 100, nawe utaweka ya mtaani kwako.

Lakini hakikisha ni kilo kweli. Makaa tunayanunua kwa kopo, na kopo tunaloliita la kilo mbili lina jina la mafuta ya kupikia yaliyokuwamo. Makaa ni mepesi. Ndani ya kopo hilo hayafiki kilo moja. Niliyowahi kuyapima yalikuwa gramu mia sita na kitu, na chini kulikuwa na chenga na vumbi la kujazia. Kopo la gramu 600 likiuzwa shilingi 80, kilo moja unainunua kwa shilingi 133. Anayenunua gunia analipa kidogo kwa kilo, ila anahitaji fedha ya pamoja na mahali pakavu pa kuliweka. Huku kwetu hewa ya bahari ina unyevu, na makaa yaliyokaa chini kwenye sakafu huanza kuwaka kwa kusitasita. Weka gunia juu ya ubao.

Tuchukue nyumba moja ya Mtongwe, watu sita. Asubuhi chai, mchana ugali na mboga, jioni mbaazi au maharagwe na wali. Kwa jiko la bati wanachoma kilo moja na nusu kwa siku, yaani shilingi 150. Upishi ule ule kwa jiko la udongo lililo zima unahitaji kilo moja, shilingi 100. Kwa jiko la kiwandani ni gramu 670, shilingi 67.

Jiko la udongo la ukubwa wa nyumbani tuseme ni shilingi 700. Aliyetoka kwenye bati anaokoa shilingi 50 kwa siku. Baada ya wiki mbili jiko limejilipa. Sijui kitu kingine cha jikoni kinachorudisha fedha upesi namna hiyo. Ukiwa bado unapikia bati tupu na una shilingi mia saba mfukoni, nunua la udongo leo.

Jiko la kiwandani tuseme ni 4,500 taslimu. Aliyetoka kwenye bati anaokoa shilingi 83 kwa siku, atarudisha fedha yake kwa siku 54. Aliye na jiko zuri la udongo tayari anaokoa shilingi 33 tu kwa siku, na atangoja siku 136, miezi minne na nusu. Jiko ni lile lile, bei ni ile ile, ila faida inategemea umelitoka lipi. Maneno ya "linaokoa nusu ya makaa" yaliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi yamelilinganisha na lile bati. Mwulize muuzaji, nusu ya nini?

Hesabu hizi za karatasi zinakaribiana na yaliyoonekana jikoni kwa watu. Wanauchumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifuatilia kaya kama 1,000 za kipato cha chini jijini Nairobi na wakachapisha matokeo mwaka 2022. Waliopata jiko la makaa la kiwandani lenye bei ya dola 40 walipunguza matumizi ya makaa kwa karibu asilimia 39, wakaokoa kama dola 120 kwa mwaka. Ajabu ni kwamba kabla ya kulipata, watu hao walikuwa tayari kulilipia dola 12 hivi tu. Sababu kubwa ilikuwa kukosa fedha za mkupuo. Walipopewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo, kiasi walichokubali kulipa kiliongezeka maradufu.

Basi mkopo unasaidia, lakini usome kwa kalamu. Ukiambiwa utoe shilingi 500 kwanza na 50 kila siku kwa siku 120, jumla ni 6,500 kwa jiko la 4,500. Umekodi fedha kwa elfu mbili. Kwa aliyetoka kwenye bati bado inalipa, kwa kuwa akiba ya kila siku inazidi marejesho. Kwa mwenye jiko la udongo, marejesho ya 50 yanazidi akiba ya 33, na kwa miezi minne atakuwa anachomoa fedha ya sukari kulilipia jiko. Uliza pia ada ya kutuma kwa simu inamwangukia nani, na siku ukikosa kulipa inakuwaje. Chama cha akina mama wanaochangiana na kununuliana majiko kwa zamu kinakupa jiko bila ile elfu mbili.

Jiko la udongo linastahili maneno zaidi, maana ndilo wengi watalinunua na ndilo lenye udanganyifu mwingi. Lilizaliwa Kenya baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mpya uliofanyika Nairobi mwaka 1981. Wizara ya Nishati na shirika la KENGO walilichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, Maxwell Kinyanjui akawa miongoni mwa waliolibuni upya, na mafundi wa jua kali wakalipa umbo tunalolijua: pana juu, kiuno chembamba, pana chini lisipinduke, na udongo umekaa sehemu ya juu tu panapokaa makaa. Kwa kuwa fundi yeyote anaweza kuliiga, limeenea Afrika Mashariki nzima. Kwa sababu hiyo hiyo, kuna ya wiki tatu na ya miaka miwili, na kwa mbali yanafanana.

Ukiwa sokoni, ligeuze. Gonga udongo kwa kidole kilichopinda: uliochomwa vizuri unalia kama chungu, usioiva unatoa sauti ya tofali bichi. Tia mkono ndani uutikise udongo. Ukicheza, saruji iliyoushika kwenye bati ni haba, na utaanguka kipande kipande. Nyufa nyembamba za juu juu si neno, ila ufa unaopita toka mdomoni hadi kwenye matundu utafunguka kwa moto wa kwanza. Tazama matundu ya chini. Yakiwa machache makaa yatakosa hewa utapepea mpaka mkono uume. Yakiwa makubwa vipande vyenye moto vitaanguka majivuni na utavitupa vikiwa bado ni mali. Halafu fungua na ufunge mlango wa hewa. Mlango usiofunga sawasawa ni hasara, na nitakuonyesha kwa nini.

Hapa pwani adui mwingine ni kutu. Bati jembamba lililopakwa rangi ya kupendeza huanza kuliwa chini, pale majivu yanapokaa na kunyonya unyevu. Mwaga majivu kila siku, na usiliache jiko uani usiku. Udongo ukifa na bati likiwa zima, mafundi wengi hukubali kutia chungu kipya kwa bei ndogo kuliko jiko zima. Uliza hilo kabla hujanunua, na umjue fundi aliko. La kiwandani likiharibika halina fundi wa mtaani. Udhamini wake ni wa karatasi unayopewa, na karatasi ikipotea, au duka lenyewe likiwa ng'ambo ya kivuko, safari na siku ya kazi ni juu yako.

Turudi kwenye mlango. Kuchemsha ndiko kunakoonekana kwenye maonyesho, lakini mbaazi haziivi kwa kuchemka mara moja. Zinaiva kwa kutokota. Maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena, hata upepee vipi. Moto wa ziada unageuka mvuke. Na mvuke ni ghali: kuimaliza lita moja kwa mvuke hula joto mara saba na nusu ya kuichemsha toka nyuzi 28. Sufuria ya mbaazi iliyoachwa wazi juu ya moto mkali ikapoteza nusu lita, imekula joto zaidi ya lile lililochemsha lita mbili na nusu mwanzoni. Kwa hivyo jiko linalochelewa dakika nne kuchemsha, ila mlango wake unafungika moto ukatulia, litakuokolea makaa mengi kwenye maharagwe kuliko lile la dakika tano lisilojua kupunguza moto. Ndiyo maana awamu ya dakika 45 imo kwenye mtihani. Na mfuniko wa sufuria, ambao pengine unao tayari, ufunike.

Kuna jambo dogo la kijiografia linalotufaa. Nairobi, kwa kuwa iko juu, maji huchemka kwa karibu nyuzi 95. Maharagwe yetu huku yanatokota kwenye nyuzi tano zaidi, na huiva mapema. Muda wa kupika uliopimwa juu huko usiuchukue kama wako.

Upande wa pili wa jiko la kiwandani ni mapishi yetu wenyewe. Juu ya mdomo wake mwembamba karai la mahamri halikai bila kuyumba. Na wali wa nazi tunaupalia: makaa ya moto juu ya mfuniko ndiyo yanayoukausha vizuri. Jiko linalotumia makaa machache halikuachii ya kupalia. Nyumba nyingi zitaishia kuweka lile la zamani pembeni kwa ajili ya wali na mahamri, na akiba yao itakuwa pungufu ya ile niliyoipiga. Anayeuza mahamri asubuhi asilinunue kabla hajaweka karai lake mwenyewe juu yake pale pale dukani.

Sasa gesi, maana swali hilo linaulizwa kila nyumba. Maji yetu lita mbili na nusu yanahitaji gramu 30 hivi za gesi. Mtungi wa kilo sita ukijazwa kwa shilingi 1,200, hizo ni shilingi sita, wakati jiko la udongo lilitumia makaa ya shilingi tisa. Na shilingi tisa hizo ni za karatasi, kwani huwezi kuwasha gramu 87 peke yake: unajaza jiko, chai inaiva, na makaa yanaendelea kuteketea bila kazi isipokuwa uyazime kwenye kopo. Gesi unaizima. Kwa chai ya alfajiri na maziwa ya mtoto usiku, hakuna jiko la makaa linaloifikia.

Kwa upishi wa siku nzima, hesabu ya Mtongwe inatoa gramu 345 hivi za gesi, shilingi 69, na mtungi unadumu siku 17. Inalingana na jiko la kiwandani na inalishinda la udongo. Bei zikibadilika, tumia kipimo hiki: kilo ya gesi ikiwa chini ya mara tatu ya bei ya kilo ya makaa, gesi ni nafuu kuliko jiko la udongo, ikiwa chini ya mara mbili, ni nafuu hata kuliko la kiwandani. Yule anayenunua makaa kwa kopo la shilingi 80 anayalipia 133 kwa kilo, na gesi yake ni 200. Anachoma fedha bila kujua.

Kinachomzuia ni 1,200 kwa mpigo, wakati makaa yanauzwa kwa anachonacho. Pia kuna mtungi wa kwanza pamoja na kichwa cha kupikia, unaoweza kukutoa elfu kadhaa. Bei ya gesi haitangazwi na serikali kila mwezi kama ya mafuta ya taa, kwa hivyo uliza maduka mawili matatu. Na usichukue mtungi bila mizani. Shingoni pamechorwa uzito wa mtungi mtupu. Mtungi uliojaa ukipimwa, tofauti iwe kilo sita. Ikipungua nusu kilo, kwa bei yetu umeibiwa shilingi 100. Muuzaji anayekataa kupima, mwachie mtungi wake.

Mafuta ya taa nitayapita haraka. Lita zetu mbili na nusu zinakula mililita 50 hivi, ambazo kwa lita ya shilingi 150 ni shilingi saba na nusu. Si mabaya kwa bei na yanauzwa kwa kipimo chochote, ila moshi wake na hatari ya moto kwenye chumba kimoja cha watoto vinanifanya nisiyapendekeze kwa anayeweza kingine. Birika la umeme linahitaji robo uniti, shilingi saba ikiwa uniti ni 28, na linafaa kwa mwenye mita yake. Aliye kwenye nyumba ya kupanga yenye mita ya pamoja atagombana na majirani.

Na makaa, jiko liwe la aina gani, yana hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Jiko linalookoa makaa haliondoi sumu hiyo. Pikia uani au mlangoni, na usilivute ndani usiku wa mvua ukafunga madirisha.

Ukiwa na shilingi mia saba na unapikia bati, chukua jiko la udongo lililolia vizuri ulipoligonga, na anza kuweka ile 50 ya kila siku kwenye kopo la pembeni. Baada ya miezi mitatu mna 4,500 humo, hata baada ya kununua chakula kile kile ulichokuwa ukila. Hapo chagua: watu wengi nyumbani na maharagwe kila siku, bei ya makaa yako ikiwa chini, jiko la kiwandani taslimu, bila mkopo. Familia ndogo, chai nyingi, unanunua makaa kwa kopo, mtungi wa kilo sita na jiko la udongo kando yake kwa ajili ya mbaazi na wali wa kupalia. Mwenye jiko la udongo lililo zima hana haraka. Anunue kwanza mizani ya jikoni, apime wiki moja anachoma gramu ngapi, ndipo aende Kongowea kumsikiliza kijana wa birika.